Kutawakali au kukaa tu? Shemeji yangu ameegesha tuktuk

Mwana wa Kuze
Asalamu aleikum jamani. Kuna jambo limegeuka kesi nyumbani kwetu, nataka mnisaidie kulipima.

Mume wa dadangu ana tuktuk yake mwenyewe, loni alishamaliza. Alikuwa akibeba watu kutoka Kongowea. Tangu baada ya Ramadhani anahudhuria darasa la tasawufi, na sina ubaya nalo: ametulia, matusi ya barabarani yamemwisha. Lakini hii ni wiki ya tano tuktuk iko uani imefunikwa turubai, na kuku ameshaanza kutaga chini yake. Ukimuuliza anakwambia amemwachia Mola, riziki yake inamjua alipo. Dadangu ndiye anayekaanga viazi karai na bajia mlangoni kila jioni, na watoto watatu wanakula kwenye karai hilo hilo.

Mimi kwa upande wangu nauza leso Barabara ya Biashara. Nalala na hesabu, naamka na hesabu. Mzigo ukichelewa bandarini chakula hakipiti. Shemeji ananiambia mimi naabudu duka.

Sasa tulinganishe: yeye na mimi, nani yuko karibu zaidi na walichofundisha masufi wenyewe? Najua mtaniambia "katikati". Hiyo katikati ni wapi?

Msafiri wa Feri
Shemejio yuko karibu kuliko unavyodhani. Maneno ya masufi ni kwamba mwenye kutawakali awe kama maiti mikononi mwa muosha, amgeuze atakavyo. Maiti haulizi maji ya moto au ya baridi, wala haendeshi tuktuk. Halafu kuna hadithi ya ndege: mngemtegemea Mungu ipasavyo angewaruzuku kama anavyowaruzuku ndege. Riziki kama ajali, huitambui ijapo. Nyinyi wafanyabiashara mnaona kila aliyetulia ni mvivu.

Kisauni Moja
Imalizie hadithi bwana. Ndege *hutoka* asubuhi na njaa, *hurudi* jioni ameshiba. Hakuna ndege aliyejifunika turubai.

Karani
Mimi si sheikh. Ni karani katika ofisi ya wakili hapa mjini, mwaka wa kumi na tisa huu. Lakini mlango huu naupenda kwa sababu tawakali na wakili ni mzizi mmoja, na Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, alipotaka kuueleza katika kitabu chake Ihya alichukua mfano wa mtu mwenye kesi. Kwa hiyo niruhusuni niseme nionayo kazini.

Anazitaja daraja tatu. Ya kwanza ni ya mtu aliyempa wakili kesi yake: anaamini kwamba wakili anaijua, anaiweza, na anamtakia mema. Ya pili ni ya mtoto mchanga na mamake, hamjui mwingine wa kumlilia. Ya tatu ndiyo hiyo ya maiti na muosha. Msafiri umeichukua ya tatu ukaiacha nusu. Ghazali anasema hali hiyo ikimjia mtu haikai. Anaifananisha na weupe unaomjia usoni mtu aliyeshtuka, mara umepita. Ya pili ni kama rangi ya mwenye homa, siku moja au mbili. Ya kwanza ndiyo hudumu, kama rangi ya mtu mwenye maradhi ya siku nyingi. Kwa hiyo mtu akiniambia amekuwa maiti kwa muosha wiki ya tano mfululizo, na chakula cha jioni hakimpiti, naomba nimtilie shaka kidogo.

Sasa kwenye ile ya kwanza, kumtegemea wakili hakukuondolei kazi. Wakili ana ada yake. Akikwambia "mimi sisemi mahakamani mpaka uwe umekaa nyuma yangu", kuja kwako ni sehemu ya kumtegemea. Akisema lete hati, unaleta hati. Unafanya hayo kwa kuwa yeye ndiye aliyeyapanga, na moyo wako haukai juu ya hati.

Nimewaona wa aina mbili. Kulikuwa na mzee wa kesi ya shamba upande wa kusini. Kila nikimpigia ananijibu, "Mwanangu, nishamwachia wakili." Hati hakuleta, siku ya kusikizwa hakuja, kesi ikafutwa. Alipokuja ofisini alitulaumu sana, na hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwa amemwachia mtu. Kesi ilikuwa imemchosha tu. Wa pili alikuwa akipiga simu mara nne kabla ya adhuhuri. Akaenda kwa wakili mwingine kuuliza kama wetu anajua kazi, akamfuata hata bawabu wa mahakama. Hati zote alileta, tena nakala tatu tatu. Huyo naye hakuwa na wakili moyoni mwake.

Mwana wa Kuze, samahani ndugu yangu, wewe ni huyo wa pili.

Nazi Mbili
Mimi ni Mkristo wa Rabai, naingilia tu. Kwetu hili limekuja kwa njia ya ugonjwa. Mamangu ana sukari, anadungwa insulini. Kuna maombi alihudhuria, akarudi akasema dawa ni kutomwamini Mungu. Siku ya tatu tulimbeba hajitambui. Kwa hiyo mimi nikisikia "namwachia Mungu" mwili unasisimka.

Karani
Pole sana, na mama apone. Wala hukuingilia, umegusa penyewe. Ghazali anazigawa sababu, yaani njia za kupatia kitu, kwa nguvu zake. Kuna za yakini: chakula kiko mbele yako, una njaa, na wewe hunyoshi mkono kwa kuwa umetawakali. Hiyo anaiita wazimu. Kuna za dhana yenye nguvu, kama kuchukua masurufu safarini, au dawa za kawaida za matabibu, na kuzitumia hakuvunji tawakali. Halafu kuna za kubahatisha, na humo anaweka kumchoma mgonjwa moto ili apone na kumsomea ruki, yaani visomo vya kuponya, kwa sababu ile hadithi ya watu 70,000 wataoingia peponi bila hesabu inawataja kuwa hawaombi kusomewa ruki, hawachomi moto, hawaangalii nuksi.

Tazameni kichekesho chake. Mjini kwetu mtu anaacha dawa kwa jina la tawakali, halafu mkononi ana hirizi. Ameacha sababu yenye nguvu akashika ile dhaifu.

Insulini kwa aina ya sukari inayoihitaji mimi naiweka pamoja na maji kwa mwenye kiu. Hilo ni langu, Ghazali hakuiona.

Msafiri wa Feri
Sawa, ndege nimekubali. Lakini yule sufi Ibrahim al-Khawwas alikuwa akikata majangwa bila chakula na hao hao mnaowanukuu wanamsifu. Huyo naye alikuwa mwenda wazimu?

Karani
Hapana, na mfano wako ni mzuri. Lakini tazama alichokuwa nacho. Vitu vinne havikumtoka: sindano, mkasi, kamba na chombo cha ngozi cha kutekea maji. Ghazali anaeleza kwa nini. Chakula jangwani huenda ukakutana na mtu akakupa, au ukapata majani, na Khawwas alikuwa ameizoeza nafsi yake kukaa na njaa siku kadhaa. Ila maji ya kisimani hayapandi yenyewe, na ndoo na kamba hazioti njiani. Nguo ikipasuka nayo uchi uko wazi, na sala inamngoja. Alijua kipi anaweza kukikosa na kipi hakina mbadala.

Tena alikuwa peke yake. Mwenye watoto Ghazali hamruhusu njia hiyo, kwa sababu njaa yako unaweza kuivumilia, ya mwanao huwezi kumlazimisha. Abubakari asubuhi ya ukhalifa wake alitoka na vitambaa vyake begani kwenda sokoni. Watu wakashangaa, akasema msinishughulishe na watu wangu, nikiwapoteza hao nitawapoteza na wengine. Mpaka Waislamu wakamkatia posho ndipo akaacha. Mwana wa Kuze, muuza vitambaa mwenzio huyo.

Ukhti Bondeni
Maalim Karani umesema vizuri, lakini nahofia unaifanya tawakali iwe adabu ya kazi tu, kana kwamba masufi walikuja kutuambia tufike kazini mapema. Walikuwepo, na wapo, watu ambao Mungu amewatoa kweli kwenye kuhangaikia riziki, na wao kurudi sokoni ni kushuka. Ibn Ataillah wa Iskandaria, aliyefariki 1309, analisema hili mwanzoni kabisa mwa kitabu chake Hikam: kutaka kujitenga na sababu ilhali Mungu amekuweka kwenye sababu ni matamanio yaliyojificha, na kutaka sababu ilhali amekutenga nazo ni kuporomoka kutoka himma ya juu. Pande zote mbili zinakosolewa.

Tena yalimkuta mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi wa fikihi, akadhani hatafika mpaka aache elimu ya vitabu akae na sheikh wake, Abul Abbas al-Mursi. Sheikh akamwambia abaki pale Mungu alipomweka, na fungu lake kutoka kwa masheikh litamfikia.

Neno "yaliyojificha" ndilo linaloniuma mimi. Nafsi ikichoka na foleni, na abiria wanaobishania shilingi kumi, haisemi imechoka. Inavaa kanzu. Wanazuoni wakataja alama: kazi ikiwa inakupa riziki na dini yako haiharibiki, hapo ndipo ulipowekwa. Na aliyetengwa kweli jicho lake haliendi kwenye mikono ya watu. Shemejio ikifika saa moja jioni jicho lake liko wapi, kwa Mola au kwenye karai la dadako? Simhukumu. Jibu analo yeye.

Na wewe wa leso, kipimo chako ni kufuli. Mwenye kutawakali anafunga mlango akitoka, hilo halina ubaya. Malik bin Dinar hakuwa na kufuli, alikuwa akiufunga kwa kamba, akisema lau si mbwa nisingeufunga. Tawakali inaonekana ukirudi ukakuta wameiba. Ukiwa kila siku unaibiwa kabla hujaibiwa, kama ulivyosema chakula hakipiti, basi moyo umekaa juu ya kufuli.

Kisauni Moja
Kwa hiyo nani ameshinda?

Mwana wa Kuze
Hakuna. Jana baada ya isha nilimsomea shemeji ile ya Khawwas. Akanyamaza, halafu akauliza, "Sindano yangu ni ipi?" Nikamwonyesha turubai. Akasema nisimfanyie mzaha, abiria wa Kongowea walikuwa wakimfanya aape uongo mara kumi kwa siku, na hiyo ni dini kuharibika. Ukhti, hapo sikuwa na jibu.

Dadangu alikuwa jikoni anasikia. Akaja akasema kuna kijana jirani anaweza kuiendesha, alete hesabu kila jioni, na mume wake aitumie kuwapeleka watoto madrasa asubuhi. Shemeji amesema atafikiri. Leo kuku amehamishwa, mayai sita.

Mimi kontena langu bado liko bandarini. Nimekula chapati mbili.