Naomba ushauri: kioo cha shawa kinarudisha madoa meupe chini

Wakuu habarini, niko Tabora natumia maji ya kisima yana chumvi balaa. Kioo cha shawa nilikisugua kwa siki nusu maji nusu nikaacha dakika 10, nikasuuza nikakausha, ndo nikapaka ile dawa ya vioo vya gari inayofanya maji yateleze. Kila tukimaliza kuoga tunavuta maji kwa kifutio cha mpira toka juu mpaka chini, na juu kweli maji bado yanakaa vitone vitone, ila chini karibu na raba inayoziba ukingo wa kioo yanatandaa na utando mweupe umerudi, ukipitisha kucha unakwaruza.

Nahisi madoa hayakutoka yote nikapaka dawa juu yake, au ni maji yanayobaki kwenye raba? Nianze upya na siki au nikaushe kwa kitambaa tu?