Naomba ushauri: saiti inafunguka kwa bamoja, kwa bengine hapana

Jambo ba kaka na ba dada, niko Goma, saiti ya duka yetu ya vitambaa tuliihamisha kwa hositingi mpya wiki iliyopita. Rekodi A tulibadilisha, TTL yake ilikuwa 86400, ni kusema seva za DNS zenye zilishachukua adresi ya zamani zinaweza kuichunga mpaka masaa 24. Sawa, lakini hayo masaa yalishapita na bakiliya bamoja ba Bukavu bangali banaangukia paka 404 ya seva ya zamani, na mimi kwa wifi ya nyumba inafunguka muzuri. Nikapima:

```
dig +short A example.com @8.8.8.8
dig +short AAAA example.com @8.8.8.8
```

(example.com niliweka pahali pa jina yetu.) A inaleta adresi mpya, lakini AAAA ingali inaonyesha IPv6 ya hositingi ya zamani! Njo maana naona hii haiko tena mambo ya kungoja, mwenye mtandao wake uko na IPv6 anapelekwa kule, na juu ile seva ingali inajibu, brauza haijaribu tena IPv4. Ingekuwa imezima kabisa, pengine ingerudi kwa IPv4 yenyewe.

Sasa wakubwa, nifute AAAA tu, ao ningoje hositingi mpya itupatie IPv6 niibadilishe? Na nikifuta leo, bale bakiliya bataona saiti mbele ya TTL ya AAAA kwisha? Tafazali munisaidie, commande zinapotea.