Tupeane uzoefu: wastaafu, ujuzi wa kazini unakuingizia nini sasa hivi? Mimi nahesabu mali za maduka ya watu

StooKipa31

Wakuu habari zenu. Mimi nimefanya kazi ya stoo miaka 31, nikastaafu, na mwaka wa kwanza kila aliyenitembelea alikuja na wazo la kuku, bodaboda au duka. Nikajiuliza mimi duka nalijulia wapi, ninachokijua ni kuhesabu mzigo na kujua kwa nini hesabu ya kwenye daftari haifanani na iliyoko kwenye rafu. Sasa ndiyo biashara yangu, mwaka wa 4 huu. Mtaji ulikuwa ubao wa kuandikia, mzani mdogo, tepu ya kupimia, stika za rangi na kijana mmoja wa kupanda ngazi maana magoti yangu yameshachoka.

Nawaeleza kazi moja ili mjue inavyokwenda, halafu na nyie mlete za kwenu.

Jamaa mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi aliniita, anasema anaibiwa, na kijana wake wa kaunta alikuwa anakaribia kufukuzwa. Nikamwambia tufunge duka siku moja, hakuna kinachoingia wala kutoka. Kabla sijagusa rafu nikaandika namba ya risiti ya mwisho ya mauzo na namba ya hati ya mwisho ya kupokelea mzigo, maana usipofanya hivyo kesho mtabishana kama ile katoni iliingia kabla au baada ya kuhesabu. Mizigo iliyolipiwa ila mwenyewe hajaja kuchukua tukaitenga pembeni. Na la muhimu zaidi, karatasi za kuhesabia hazina idadi ya daftarini, zina jina la kitu na nafasi tupu tu. Mtu akishaona daftari linasema 48 na yeye akahesabu 46 atajiambia nimeruka mbili na ataandika 48, nimeliona hilo maisha yangu yote.

Mistari ya bidhaa ilikuwa 412. Raundi ya kwanza mistari 58 ikagoma kufanana na daftari. Tukabadilishana, aliyehesabu upande huu akaenda ule, tukarudia hiyo 58 tu, ikabaki 33. Hapo ndipo uzoefu unapoingia. Ukiona tofauti inagawanyika kwa 12 au 24 bila kubaki kitu, kwanza shuku kipimo, mmoja kaandika dazeni au katoni mwingine kaandika kimoja kimoja. Ikigawanyika kwa 9, shuku namba zilizogeuzwa wakati wa kuandika, mfano 63 ikaandikwa 36, tofauti ni 27. Siyo uthibitisho, ni mahali pa kuanzia kutafuta. Na ukiona bawaba ndogo zimepungua 14 halafu bawaba kubwa zimezidi 14, hakuna mwizi hapo, mtu kauza hii akaandika ile.

Kwa njia hiyo 11 zikawa za vipimo, 6 za kuchanganya saizi, 9 zilikuwa karatasi ambazo hazijaingizwa. Zikabaki 7. Tano ndogo ndogo tu. Ya sita ni waya unaouzwa kwa mita, daftari linasema mita 260, tumepima 231. Mwenye duka akamwangalia yule kijana. Mimi nikaenda kaunta nikauliza mnapimaje, nikaoneshwa misumari miwili iliyopigwa mezani, kutoka huu mpaka huu ndiyo mita. Nikaweka tepu, sentimita 105. Tangu hesabu ya mwisho walikuwa wameuza kama mita 600, na kila mita walitoa sentimita 5 za bure, ambazo ni mita 30. Waya wote uliopotea walipewa wateja.

Ya saba ni makopo 5 ya rangi. Hayo sikuyapata mpaka leo na niliandika hivyo hivyo kwenye ripoti, hayaonekani na sababu haijulikani.

Haya, leteni zenu.

Mama_Wodi7

Hongera kaka yangu. Mimi ni muuguzi mstaafu, wodi ya upasuaji miaka mingi. Nilianza kufunga vidonda majumbani kwa watu wanaotoka hospitali, wanaendelea kuniita maana mkono wangu wanaujua. Nilichokosea, leseni yangu ya kazi ilikuwa imeisha muda na nikadhani nikishastaafu haihusiki tena. Siku moja familia ya mgonjwa ikaniuliza nikitoa huduma naitoa kama nani, nikakosa jibu. Nikasimama miezi kadhaa nikaifufua. Kwa hiyo wa fani zenye leseni, kustaafu ajira siyo kustaafu masharti ya fani.

Na mpaka uwe na daktari wa kumpigia. Kidonda kikianza kutoa harufu, wekundu ukasambaa kando yake, mgonjwa akapata homa, mimi sibaki pale kujifanya najua kila kitu, nampeleka.

Baba_Mapacha

Shikamoo wazee. Naomba kuuliza, hiyo stoo inahitaji eneo la ukubwa gani na mzigo wa kuanzia ni kama kiasi gani? Mzee wangu kapata kiinua mgongo anataka afungue stoo ya jumla.

StooKipa31

Marahaba mwanangu. Hapana, mimi sina stoo, naenda kuhesabu kwenye stoo za watu. Ila kwa kuwa umemtaja mzee, yeye alikuwa anafanya kazi gani?

Baba_Mapacha

Alikuwa fundi wa majokofu na viyoyozi kiwandani.

StooKipa31

Sasa kwa nini akaweke hela kwenye mzigo asioujua? Kuna maofisi yana viyoyozi vimefungwa na hakuna anayevikagua mpaka viharibike. Yeye akae nao mkataba wa kupita kila baada ya miezi 3, asafishe chujio, aangalie bomba la maji kama limeziba, asikilize feni. Kazi nzito ya kushusha mashine awape vijana. Kiinua mgongo kikae kwanza, biashara ya namna hiyo haikihitaji chote.

Mfanyabiashara_Hodari

Wazo zuri ila mzee unapunjika, unatakiwa ulipwe kwa asilimia. Umegundua hasara ya kiasi fulani, chukua asilimia 10 ya hiyo hasara. Mwenye mali anakuwa hana hofu kwa sababu usipopata kitu hakulipi.

StooKipa31

Kijana wangu, hofu ya mteja umeiona vizuri, wengi wanaogopa kulipa halafu wasione faida. Lakini angalia ile kazi niliyoeleza. Raundi ya kwanza mistari 58 ilikuwa na tofauti, mwisho zikabaki 7. Ningekuwa nalipwa kwa asilimia ya hasara, kila nikirudia kuhesabu kipato changu kinashuka. Mwenye njaa angeishia raundi ya kwanza akadai chake, na yule kijana wa kaunta angefukuzwa kwa sababu ya misumari.

Mimi nalipwa kwa siku. Kwanza naenda kuangalia bure, nahesabu mistari iko mingapi, mimi na kijana wangu tunakwenda kama mistari 50 kwa saa kwenye duka lililopangwa, lililovurugika ni nusu yake. Hapo namwambia ni siku ngapi, nachukua nusu kabla, nusu nikikabidhi ripoti. Na hofu ya mteja naitibu hivi, asiyeniamini naanza na rafu moja tu, ile anayoishuku zaidi.

Halafu hela yenyewe haiko kwenye hesabu kubwa ya mwaka mara moja. Iko kwa wale wanaokubali nipite kila mwezi nihesabu vitu vichache vyenye thamani kubwa au vinavyotoka haraka, vingine vyote nivizungushe mara moja kila miezi 3. Nina 6 wa hivyo, wananitosha, sitaki wa 7.

FundiGereji_Mstaafu

Huyo wa asilimia amenigusa. Mimi nakagua magari kwa watu wanaotaka kununua yaliyotumika. Nilikuwa fundi miaka 27, saa hizi kukaa chini ya gari siwezi muda mrefu ila macho na masikio yapo. Sharti langu la kwanza ni nikute injini ya baridi. Nikifika nikigusa boneti iko moto naondoka narudi siku nyingine, maana gari linalosumbua kuwaka asubuhi huwa linapashwa kabla mnunuzi hajafika. Nafungua kifuniko cha oili, nikikuta utando kama maziwa naanza kuuliza maswali mengi kuhusu maji kuingia kwenye oili, japo gari la safari fupi fupi nalo linaweza kuweka utando kidogo pale, kwa hiyo siamui kwa hilo peke yake.

Shida yangu ni wauzaji. Wananifuata pembeni, mzee lipitishe tu kuna komisheni yako. Nilikubali mara moja mwanzoni, nasema ukweli, na mnunuzi alikuja kujua. Wateja 4 waliokuwa wametokana na yeye walipotea wote na niliwaelewa. Tangu hapo hela yangu inatoka kwa mnunuzi tu, na naandika kwenye karatasi nilichokiona, siandiki gari ni zima.

Bi_Leja

Mimi ni mhasibu mstaafu. Kaka StooKipa swali moja, ripoti yako nani anasaini? Maana naona mlango wa ugomvi hapo.

StooKipa31

Tunasaini watatu dada, mimi, mwenye duka na anayeshika stoo, na kila ukurasa wa kuhesabia unasainiwa siku ile ile kabla duka halijafunguliwa. Ripoti inasema kiasi gani kimepungua. Haisemi nani kachukua, hata mwenye duka akinibana vipi, kwa sababu kuhesabu hakuwezi kukuonesha mtu.

Bi_Leja

Vizuri. Ila ujue siku moja atakuja mteja anataka karatasi yako aipeleke benki kuombea mkopo.

StooKipa31

Ameshakuja dada yangu, wiki iliyopita. Anataka niandike thamani ya mzigo wote, siyo idadi tu. Nimemwambia mimi nathibitisha idadi niliyoikuta siku ile, bei siyo yangu na mimi siyo mkaguzi wa mahesabu. Amekasirika, na ni mmoja wa wale 6.

Bi_Leja

Idadi andika. Thamani mwache mhasibu wake aiweke kwenye karatasi yake na jina lake.

Mama_Wodi7

Na mimi nimeombwa kitu cha kufanana, nimwandikie mtu kwamba hajapona ili aongezewe siku za mapumziko kazini. Nilikataa ila ni jirani, na mpaka leo hatusalimiani vizuri. Wenzangu mkikutana na hizi mnazimalizaje bila kuvunja ujirani?