Laptopu ya mama: namba ya mara moja au njia ya kudumu?

Mwambao: Wakuu, habari za jioni. Mama yuko Tanga na laptopu ya Windows 11, mimi niko Maskati. Printa ikigoma ananipigia. Chrome Remote Desktop ina njia mbili: namba ya mara moja, na ile ya kudumu ninayoingia hata akiwa hayupo mezani. Nimwekee ipi?

BintiSalama: Ya mara moja, usiumize kichwa. Anafungua remotedesktop.google.com/support, anabonyeza Generate Code, anakusomea tarakimu 12. Zinakufa baada ya dakika 5, kwa hiyo tapeli haingii.

FundiNyaya: Hapo umepatia nusu, dada. Dakika 5 zinamzuia aliyeiokota namba baadaye. Tapeli hupiga simu, anajiita wa benki, na mama anamsomea namba ikiwa bado mbichi. Mwekeeni sharti moja: namba anasomewa yule tu ambaye mama mwenyewe ndiye aliyempigia.

Mwambao, kwa printa namba inatosha, na mama anaona kila unachogusa. Ila kila dakika 30 anaulizwa kama anaendelea kukuonyesha skrini. Akiwa jikoni, unakatika. Mashine ikizimwa na kuwashwa katikati ya kazi, mnaanza upya na namba nyingine.

Njia ya kudumu, remotedesktop.google.com/access, hurudi yenyewe mashine ikiwaka, hata kabla mama hajaingia kwenye Windows. Inataka namba ya siri ya tarakimu 6 au zaidi, na akaunti ileile ya Google iliyotumika kuiweka. Fungua akaunti ya kazi hiyo tu, washa uthibitisho wa hatua mbili, na mwaka wa kuzaliwa usiwe namba ya siri.

Lalamiko kubwa la njia hii ni kukuta mashine imeandikwa Offline. Mara nyingi imelala tu. Andika hii kwenye Command Prompt:

```
powercfg /change standby-timeout-ac 0
```

Inasaidia ikiwa kwenye chaja. Akifunga kifuniko, bado italala mpaka ubadilishe na mpangilio wa kifuniko.

Kibweta: Nami nataka kuona mwanangu anafungua nini usiku. Ya kudumu itanifaa?

FundiNyaya: Hapana, mzee. Ukiingia tu, kwake kinatokea kidirisha cha kumjulisha, na kitufe cha kukukata. Angalia Microsoft Family Safety.

Mwambao: Mama hufungulia benki humohumo.

FundiNyaya: Basi anza na namba. Ya kudumu iweke siku una kazi ndefu, kama kuhamisha picha zote usiku, na ukimaliza iondoe.

BintiSalama: Kwenye mashine ya benki mimi siiweki hata usiku mmoja. Picha zisubiri mama akae mezani.

FundiNyaya: Saa tatu mezani kwa mtu mzima, dada? Hapo hatukubaliani.