Uwiano wa ukwasi 1.78 lakini ovadrafti haishuki: naomba ushauri kuhusu mteja wa vifaa vya ujenzi

Mchambuzi_Dom (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko kitengo cha mikopo ya biashara, Dodoma. Mezani nina faili la mteja anayeuza saruji, nondo na mabati kwa jumla na rejareja. Anaomba ovadrafti yake ipandishwe kutoka milioni 120 hadi milioni 200. Jina nalificha na tarakimu nimezisogeza kidogo, ila picha ni ileile. Hesabu zimekaguliwa, mwaka ulioishia 31 Desemba 2024, zote kwa milioni za shilingi:

Bidhaa ghalani 410
Wadaiwa 354
Malipo ya awali 16
Taslimu na benki 20
Jumla ya mali za muda mfupi 800

Wadai wa biashara 290
Ovadrafti 120
Kodi 40
Jumla ya madeni ya muda mfupi 450

Mauzo ya mwaka ni 1,500. Mwaka 2023 yalikuwa 1,300. Wadaiwa wa Desemba 2023 walikuwa 180.

800 kwa 450 ni 1.78. Nikitoa bidhaa inabaki 390 kwa 450, yaani 0.87. Siku za wadaiwa: 354 ÷ 1,500 × 365 = 86, wakati wateja wake anawapa siku 30.

Kinachonisumbua ni kwamba mtu mwenye 1.78 alipaswa awe anapumua. Huyu akaunti yake imegota kwenye kikomo kila mwezi tangu Juni, na msambazaji wa nondo ameshamkatalia mzigo wa mkopo mara mbili. Mizania inasema hivi, akaunti inasema vile. Nianze kuchimba wapi?

Kanuni_Mbili

Mkuu, viwango vinajulikana: ukwasi wa kawaida uwe 2, wa haraka uwe 1. Huyu kote hajafika, kwa hiyo jibu unalo. Halafu siku za wadaiwa hazikokotolewi hivyo. Chukua wastani wa mwanzo na mwisho wa mwaka: 180 jumlisha 354, gawa kwa 2, unapata 267. Hapo zinatoka siku 65, na kwa watu wa ujenzi siku 65 si mbaya. Mpe nusu ya anachoomba na umwongezee dhamana.

Mzee_wa_Leja

Kijana wangu, hesabu zako ziko sawa. Shida iko kwenye kilichoingia ndani ya hizo hesabu.

Kwanza nenda kwenye maelezo ya mikopo nyuma ya taarifa. Mfanyabiashara wa saruji mara nyingi ana gari la mkopo. Angalia mkopo huo umewekwa wapi. Viwango vya uhasibu vinataka sehemu inayolipwa ndani ya miezi 12 ikae kwenye madeni ya muda mfupi, lakini kwenye biashara za saizi hii nimekuta mara nyingi mkopo mzima umerundikwa kule chini kwenye madeni ya muda mrefu. Ukisoma jumla tu kwenye ukurasa wa mizania hulioni hilo.

Pili, kwenye uwiano wa haraka umetoa bidhaa ukaacha malipo ya awali. Hiyo 16 nadhani ni kodi ya pango la ghala aliyotanguliza. Mwenye ghala hatamrudishia alipe nondo. Itoe.

Tatu, na hapa ndipo utumie muda wako: uwiano wa haraka unawahesabu wadaiwa kana kwamba fedha yao iko njiani. Ni siku za wadaiwa zinazokuambia kama kweli iko njiani. Kwa hiyo usizisome kama kipimo cha pembeni cha kujazia fomu. Omba mambo mawili: mauzo ya mkopo peke yake bila ya taslimu, na orodha ya wadaiwa kwa umri wa ankara.

Ndugu Kanuni_Mbili, wastani una kazi yake pale wadaiwa wanapopanda na kushuka kwa msimu. Huyu mauzo yamekua kwa asilimia 15, wadaiwa wamekaribia kuongezeka maradufu. Kwa njia ileile ya mleta uzi, 2023 zilikuwa siku 51 na 2024 ni 86. Ukichukua wastani unaifuta ile dalili uliyokuwa unaitafuta. Tunataka kujua hali ya deni lililopo leo, basi deni la mwisho wa mwaka ndilo la kutumia.

Mama_Nyali

Samahanini nikiingilia. Mimi nina supamaketi ndogo hapa Mombasa, na mhasibu wangu ameniambia uwiano wangu ni 0.8. Nikisoma hapo juu kwamba lazima ifike 2 nimeshtuka. Wasambazaji nawalipa kwa siku 60 na sijawahi kuchelewa. Je, na mimi nina shida kama huyu wa Dodoma?

Mzee_wa_Leja

Mama, wewe unauza leo na fedha unaipokea leo, ilhali maziwa na unga uliouza utavilipia miezi miwili baadaye. Biashara ya namna hiyo inaweza kuishi miaka na 0.8. Cha kukuangalia wewe ni kama mauzo yataanza kupungua, maana madeni ya siku 60 zilizopita yatakujia yakiwa makubwa kuliko makusanyo ya wiki hii. Wa Dodoma ni kinyume chako: ana 1.78 lakini fedha yake iko mifukoni mwa watu. Ndiyo maana hiyo 2 siipendi kuitumia kama mstari wa kufaulu na kufeli.

BintiKodi

Naongeza jambo moja linalosahaulika sana, VAT. Kaka Mchambuzi, wadaiwa wako wa 354 wamo pamoja na VAT ya asilimia 18, kwa sababu mteja anadaiwa ankara nzima. Mauzo ya 1,500 kwenye taarifa ya mapato hayana VAT. Unagawa vitu viwili visivyolingana, na hapo siku zinaonekana nyingi kuliko zilivyo. Ama wagawe wadaiwa kwa 1.18, unapata 300, ama yapandishe mauzo. Kwa 300 juu ya 1,500 siku ni 73. Ukishapata mauzo ya mkopo peke yake zitapanda tena, ila angalau utakuwa unalinganisha kitu na mwenzake. Kagua kwanza kama wateja wake wote wanatozwa VAT.

Na kuna upande wa fedha yenyewe. Ritani inaingia tarehe 20 ya mwezi unaofuata ankara, mteja awe amelipa au hajalipa. Ndani ya hiyo 354 kuna VAT ya 54. Ni kweli anakata ile aliyolipa kwenye manunuzi, lakini tofauti inayobaki anaitoa mfukoni kwa niaba ya watu ambao hawajamlipa.

Mchambuzi_Dom

Shukrani sana wakuu. Nimerudi na majibu ya mteja.

Mkopo wa gari upo, benki nyingine, salio 240, na analipa 80 kwa mwaka, mbali na riba. Wote ulikuwa kwenye muda mrefu, kama mzee alivyosema. Madeni ya muda mfupi sasa ni 530. Ukwasi unashuka hadi 1.51, na wa haraka, bila malipo ya awali, ni 374 kwa 530, yaani 0.71.

Mauzo: nimelinganisha ripoti za mashine ya EFD na leja ya wateja. 600 ni taslimu pale kaunta, 900 ni ya mkopo. Wadaiwa bila VAT 300 ÷ 900 × 365, zinatoka siku 122. Wote wanatozwa VAT, nimekagua.

Orodha ya umri ndiyo imenifungua macho. Katika 354, milioni 118 ni mkandarasi mmoja, ankara za Machi 2024. Anasema anasubiri kulipwa na taasisi iliyompa kazi. Hakuna hata shilingi iliyotengwa kwa ajili ya kutolipwa kwake. Nimtoe kabisa?

Fundi_Mkuu_Moro

Usimtoe! Mimi ni mkandarasi mdogo, najua hali hiyo. Cheti cha malipo kikishasainiwa fedha inakuja, inachelewa tu. Wauza saruji wote wanajua hivyo, na bei zao zimeshazingatia kusubiri. Ukimhesabu kama hasara unamwonea mteja wako.

Mzee_wa_Leja

Fundi, umejibu swali la kama atalipwa. Mleta uzi anauliza kama atalipwa kabla madeni ya huyu muuzaji hayajaiva. Unaweza kuwa sahihi kwenye la kwanza, na bado ile 118 isifae kwenye uwiano wa haraka. Mimi ningeipima bila yeye, kisha na yeye, na zote mbili nikaziandika kwenye ripoti. Kijana, ukimtoa kwenye wadaiwa mtoe na kwenye mauzo ya mwaka, usimwache upande mmoja.

Halafu fanya jambo moja ambalo hakuna uwiano utakaokupa. Chukua taarifa ya benki ya Januari hadi leo, uone kati ya waliodaiwa tarehe 31 Desemba ni nani amelipa. Usikubali risiti za leja, tazama fedha iliyoingia benki.

Mchambuzi_Dom

Nimefanya. Bila mkandarasi, wadaiwa ni 236 pamoja na VAT, na mauzo ya mkopo pamoja na VAT ni 944. Siku 91. Kwa hiyo hata hao "wazuri" wanalipa kwa miezi mitatu wakati ankara inasema siku 30. Sikulitegemea hilo, nilidhani mkandarasi mmoja ndiye ameharibu wastani. Ukwasi ni 682 kwa 530, 1.29. Wa haraka ni 256 kwa 530, 0.48.

Kwenye taarifa ya benki, kati ya ile 236, hadi mwisho wa Februari ziliingia 90 tu. Kwa muda huohuo wasambazaji walitaka karibu zote za 290 zilizokuwa zimeiva. Pengo hilo ndilo linalokaa kwenye ovadrafti, na ndiyo sababu haishuki.

BintiKodi

Basi kumwongezea 80 ni kuwakopesha wateja wake kupitia yeye. Umemuuliza nani anaidhinisha mauzo ya mkopo pale dukani?

Mchambuzi_Dom

Muuzaji wa kaunta, kwa simu na bosi. Hakuna kikomo cha mteja kilichoandikwa. Naelekea kupendekeza ovadrafti ibaki 120 na tuangalie mkopo mfupi unaolipwa na ankara mahususi, kwa wateja wanaolipa ndani ya siku 60. Suala la mkandarasi nimelipeleka kwa bosi wangu pamoja na nakala ya cheti cha malipo. Yeye na Fundi wana mawazo yaleyale, mimi bado sijakubali.

Kanuni_Mbili

Na zile bidhaa za 410 mbona hakuna aliyezigusa? Ndiyo nusu ya mali zote za muda mfupi. Kama kuna mabati ya geji isiyouzika pale nyuma, hata hiyo 1.29 haipo.

Mchambuzi_Dom

Kweli mkuu, hilo sijalifanyia kazi. Karatasi za hesabu ya ghala za 31 Desemba hazina umri wa bidhaa. Nimepanga kwenda ghalani Jumatano na orodha ya manunuzi mkononi.