Naomba ushauri: paua saplai ya zamani ya wati 850 kwa RTX 4080

Wakuu, wati nadhani zinatosha, wasiwasi wangu ni kebo. Kadi inakula hadi wati 320 na ina tundu la pini 16. Adapta iliyomo kwenye boksi inataka vichwa vitatu vya PCIe vya pini 8. Saplai imekuja na kebo mbili tu za PCIe, kila moja ikiishia na vichwa viwili vya pini 6+2.

Kwa hesabu, kila kichwa kimepangiwa wati 150, kwa hiyo vitatu ni 450. Lakini kebo mbili zikilisha vichwa vitatu, moja itabeba theluthi mbili ya mzigo, kama wati 213, karibu ampea 18 kwenye nyaya tatu. Plagi yake upande wa saplai inaweza kupata moto.

Saplai ina tundu moja la PCIe lililobaki wazi. Ninunue kebo ya tatu ya modeli hiyohiyo, au nibadilishe saplai nzima? Kebo ya chapa nyingine siigusi, maana mpangilio wa pini upande wa saplai hutofautiana, wala kebo ya CPU, maana imegeuza chanya na hasi ukilinganisha na ya PCIe.