Mrejesho: barua ya kumwomba mwenye nyumba ruhusa ya kushona chumbani

Niliuliza: "Mkataba wangu unasema chumba ni cha kuishi tu. Nimwandikieje mwenye nyumba aniruhusu kushona nguo humo?"

Jamani, amekubali, na ninawashukuru sana. Nilitaja kifungu kile cha mkataba, kisha nikaeleza kazi yenyewe: cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wateja mmoja mmoja kwa miadi, bila kibao mlangoni. Nikaomba miezi mitatu ya majaribio, na nadhani hiyo ndiyo iliyomlegeza.

Hofu yake kubwa ilikuwa umeme, kwa kuwa wapangaji wote tunatumia mita moja. Aliuliza, "Na pasi je?" Basi nikaongeza kwenye barua kwamba nitafunga mita ndogo ya chumba changu kwa gharama yangu, nilipie ninachotumia.

Alikubali kwa mdomo. Nikamwomba aandike "Nimeruhusu" chini ya nakala yangu, aweke tarehe na sahihi. Nyumba ikiuzwa au msimamizi akibadilika, ninacho cha kuonyesha. Leseni naifuatilia kivyake. Ruhusa yake haichukui nafasi ya leseni.